Je, wajua? Mbalamwezi huvuruga oda ya soda

"Nina duka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, huku Igombe, Mwanza. Kila Jumapili nachukua mauzo ya soda ya wiki nne zilizopita, nagawa kwa nne, naagiza kreti hizo. Mbona wiki nyingine zinaisha kabla ya Jumamosi, na nyingine zinarundikana mpaka mlangoni?"

Hesabu yako haina kosa. Kinachokusumbua ni mwezi, huu wa angani. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, yaani wiki nne na siku moja na ushee, na wewe unapiga wastani wa wiki nne. Umekusanya mwezi mzima kwenye kapu moja, giza na mwanga, kisha ukaugawanya sawasawa. Jibu linalotoka halifanani na wiki yoyote.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, lakini kazi ni ileile: kwenye giza dagaa hujikusanya chini ya mwanga, wavuvi wakawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa haina mvuto. Mitumbwi inavutwa juu, vijana wanakwenda makwao, na anayebaki anakunywa chai ya mkopo. Soda nani anunue?

Tuchukue daftari la mfano la wiki nane, hesabu ikiwa ni kreti, na duka lisikose mzigo hata siku moja. Wiki ya kwanza, giza tupu: 41. Ya pili: 38. Ya tatu, mbalamwezi: 15. Ya nne, wavuvi wanaanza kurudi: 30. Kisha mwezi unaanza upya: 43, 37, 17, 31.

Wiki nne za kwanza zinajumlika 124, ukigawa kwa nne unapata 31. Hayo ndiyo makadirio ya wiki ya tano, wakati wateja walitaka 43. Umepungukiwa kreti 12. Sasa wastani unasogea: unadondosha wiki ya kwanza, unaingiza ya tano, unapata 31 na nusu. Endelea hivyo hadi wiki ya saba uone: wastani unasema 31 na robo, na kreti zilizotoka ni 17. Hapo 14 zimekubakia mkononi pamoja na pesa yake. Ukifika wiki ya tisa wastani unasema 32. Mauzo yalipanda hadi 43 na kushuka hadi 15, wastani wenyewe haujatoka kati ya 31 na 32.

Wengi wakiona hivyo hufupisha dirisha. Wanasema wiki nne ni nyingi, tuangalie mbili za karibuni. Kwa duka la mwaloni huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Wastani wa wiki ya tano na ya sita ni 40, ukiagiza hizo zinakukuta kwenye mbalamwezi ya 17. Na wastani wa wiki ya tatu na ya nne ni 22 na nusu, ndiyo unaopokea nao giza la 43. Wastani hutazama nyuma, na hapa kilicho nyuma karibu kila mara ni kinyume cha kinachokuja.

Kabla ya kurekebisha, kagua daftari lenyewe. Kuna ugonjwa humo ambao hesabu haiwezi kuuona. Tuseme wiki ile ya tano ungeagiza 31 na dukani ikawepo moja ya zamani. Zingeuzwa 32 na kuisha Ijumaa mchana. Ungeandika 32, nawe ungeamini wateja walitaka 32. Sivyo: hizo ndizo ulizokuwa nazo. Wiki inayofuata wastani ungeshuka, ungeagiza pungufu, zingeisha mapema zaidi, na daftari lingekuhakikishia kwamba biashara imepoa.

Dawa yake ni kuandika siku na saa mzigo ulipoisha. Kama duka linafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, kreti 32 hadi Ijumaa mchana ni siku nne na nusu, karibu kreti saba kwa siku. Kwa siku sita inafika 42 au 43. Ni makadirio tu, maana Jumamosi haifanani na Jumanne, lakini yako karibu na ukweli kuliko 32. Namba hiyo iliyosahihishwa ndiyo iingie kwenye wastani.

Sasa oda. Wastani unaosogea bado unafaa, ila usogee juu ya miezi, si juu ya wiki. Wiki ya mbalamwezi iulize wiki za mbalamwezi zilizopita. Kama ya kwanza ilitoa 19, ya pili 15 na ya tatu 17, jumla ni 51, gawa kwa tatu: 17. Ongeza akiba ya kreti tatu kwa ajili ya msiba au harusi ya ghafla, toa tano zilizobaki dukani. Agiza 15. Kwa giza fanya vivyo hivyo: 39, 41 na 43 zinakupa 41, na akiba hapo iwe kubwa zaidi, kwa sababu mteja unayemkosa wakati wa giza ana pesa mfukoni.

Utajuaje wiki ipi ni ipi? Usihesabu "kila wiki ya nne". Siku ile moja na nusu inayozidi hujilimbikiza: baada ya miezi mitatu umeteleza siku nne na nusu, na ukikaribia miezi mitano umeteleza wiki nzima, ukidhani ni mbalamwezi kumbe vijana wako ziwani. Tumia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 14 na 15 za mwezi mwandamo mwezi ni mpevu. Andika tarehe hiyo pembeni ya kila wiki kwenye daftari, ndipo ulinganishe zinazofanana. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili, upungufu hugawanyika kwenye wiki mbili, kila moja ikawa na 24 au 25 hivi. Wiki kama hizo usizichanganye na ile ya 17.

Ukiwa umesimama mlangoni utaona pia kwa nini wiki inayofuata mbalamwezi inatoa 30 na si 40. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, giza la jioni linarudi kidogo kidogo, na mitumbwi nayo. Halafu dagaa lazima waanikwe, wanunuliwe, madeni yalipwe. Soda ya mvuvi huja mwisho wa foleni.

Ule wastani wa wiki nne usiutupe. Kwa kuwa unafuta mwezi, ndio unaokuonyesha kama duka linakua. Ukitoka 32 ukafika 38 na kubaki huko, si mwezi huo. Pengine mwenzako amefunga, au kambi mpya imefika. Ila huchelewa: mauzo yakipanda kreti mbili kila wiki, wastani huo utakuwa nyuma kwa kreti tano, kwa sababu kwa wiki unayoiagizia, wiki unazojumlisha zimepitwa kwa wiki mbili na nusu kwa wastani. Na jirani yako wa mjini, mwenye duka karibu na ofisi za Mwanza, mbalamwezi haimhusu sana. Yeye aandike tarehe za mishahara.