Kwa nini hongera kwa rafiki wa karibu hutoka kwa shida?

Wengi hujiuliza: «Rafiki yangu kipenzi kapata kazi, mimi bado nahangaika. Kwa nini inaniuma hivi wakati nampenda kweli, na nimpongezeje bila kujifanya?»

Inauma kwa sababu ni rafiki kweli, na kwa sababu amekipata kile kile unachokitafuta wewe. Jina la jirani usiyemjua likitoka kwenye orodha ya walioitwa kazini, hata hushtuki. Rafiki huyo huyo angefungua saluni Tegeta, wakati wewe huna habari na mambo ya saluni, ungemsimulia kila mtu kwa fahari.

Mwanasaikolojia wa Marekani Abraham Tesser alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1980, yeye na mwenzake Smith waliwachezesha watu mchezo wa kubahatisha neno kwa vidokezo. Baadhi waliambiwa mchezo unapima uwezo wa maana, wengine kwamba ni mchezo tu. Pale ulipokuwa mchezo tu, watu waliwapa rafiki zao vidokezo rahisi kuliko walivyowapa wasiowafahamu. Ulipoonekana kupima uwezo wao wenyewe, mambo yaligeuka: rafiki ndiye aliyepewa vidokezo vigumu. Hawakuwa watu wabaya. Ukaribu na kulenga jambo moja vikikutana, ushindi wa mwenzako unakuwa kioo, na kwenye kioo hicho unajiona wewe.

Kwa hiyo usikimbilie kujiita mwenye husuda. Mwenye husuda, au roho ya kwa nini kama tunavyosema mitaani, anataka mwenzake akikose alichokipata. Wewe unataka na wewe upate. Jiulize: kesho wakisema jina lake limefutwa, ungepumua? Kama jibu ni hapana, hayo ni maumivu ya hali yako, na hayakuzuii kumpa mtu hongera ya haki.

Chukua mfano wa mashosti wawili, mmoja wa Mbagala, mwingine wa Kimara. Wote wamesoma ugavi, wote wameomba kupitia Sekretariati ya Ajira. Walipanda basi moja alfajiri pale stendi ya Magufuli kwenda usaili Dodoma, wakapita mchujo pamoja, wakaingia mahojiano siku moja. Leo tangazo la kuitwa kazini limetoka. Jina la wa Mbagala lipo, la wa Kimara halipo, na kodi ya chumba chake inaisha mwisho wa mwezi. Saa mbili usiku inaingia meseji: «Shosti, nimepata!!!»

Hapo wa Kimara ana njia nne za kujibu, na mtafiti Shelly Gable na wenzake walizieleza vizuri mwaka 2004. Ya kwanza ni kupokea kwa uchangamfu na kuuliza zaidi. Ya pili ni kupokea kwa ubaridi: «Hongera», imoji mbili, basi. Ya tatu ni kuitia doa habari yenyewe: «Hongera, ila wasije wakakupeleka mkoa wa mbali, na mshahara wenyewe wa kuanzia unaujua.» Ya nne ni kuihama: «Aisee. Hivi ile nguo yangu unairudisha lini?» Gable aliwachunguza wachumba na wanandoa, si mashosti, lakini alichokikuta kinafaa kukijua: njia ya kwanza tu ndiyo iliyoendana na uhusiano mzuri. Hata ile hongera baridi, ambayo sisi tunaiona salama, iliendana na uhusiano dhaifu. Aliyeleta habari njema anausikia ubaridi.

Ubaya ni kwamba mtu mwenye maumivu huangukia ya pili au ya tatu bila kukusudia. Ile ya tatu huja imevaa nguo za ushauri. Ukijikuta unaandika neno «ila» baada ya hongera, futa kuanzia hapo. Ya kuhusu kituo cha kazi na mshahara ataambiwa na watu wengi, na wewe utampa wasiwasi wako wiki nyingine akiuliza.

Usipige simu kama koo limekaba. Sauti haifichi, na yeye ataacha kufurahi aanze kukubembeleza. Ujumbe wa sauti ni vivyo hivyo. Andika. Huna haja ya kujibu dakika ile ile: weka simu chini, nawa uso, kunywa maji, ukae hata nusu saa. Lakini jibu lifike usiku huo huo. Tiki za bluu zikilala mpaka kesho yake mchana, zimeshasema kitu ambacho hukukusudia.

Kisha andika sentensi chache, na kila moja iwe ya kweli. Wa Kimara anaweza kuandika hivi:

«Shosti wangu, hongera mno! Nimeliona jina lako kwa macho yangu. Nakumbuka Dodoma ulivyokesha na zile noti za manunuzi mimi nikisinzia. Umestahili. Mama umeshamwambia? Kasemaje?»

Angalia hakuna mahali aliposema «nimefurahi kuliko hata wewe». Huo ungekuwa uongo, na shosti anayekujua angeugundua. Kwa Kiswahili hongera hutolewa, kama pole inavyotolewa. Unampa mtu haki ya alichokifanya, huandiki ripoti ya moyo wako. Kinachobeba uzito ni ile habari ya kukesha, kwa sababu ni wewe tu uliyeiona. Imoji hata mtu wa mbali anatuma. Swali la mwisho nalo lina kazi yake: linamrudisha yeye kwenye furaha yake, na linakupa wewe nafasi ya kusikiliza badala ya kutafuta maneno mengine.

Akiuliza «na wewe vipi mwaya?», usiseme «mimi niko poa» na usimwage yote. «Langu halijatoka, na kwa kweli limeniuma. Tutaliongea Jumapili, leo nataka nisikie lako.» Ukweli umesemwa, siku umempa, na habari yake haijazimwa. Kuomba akushike mkono huko kazini kusubiri mpaka aripoti na kuzoea. Ukiomba usiku ule ule, hongera yako inageuka utangulizi wa ombi.

Halafu kuna mchango. Wenzenu wataanzisha grupu la kumuaga, na orodha ya ahadi itaanza kupanda: 30,000, 50,000. Hapa wengi huahidi kwa aibu, kisha hukimbilia mikopo ya kausha damu au huanza kumkwepa rafiki. Tuma kilichopo leo, hata kama ni 5,000, na usiandike ahadi. Au toa kisicho pesa: kumsindikiza kwa wakili kuthibitisha nakala za vyeti ni kazi ya asubuhi nzima, na yeye ana siku chache tu za kuripoti.

Baada ya hapo jichunguze. Tesser alionyesha kwamba mtu aliyeumizwa hivi hutafuta nafuu kwa kusogea mbali na rafiki, au kwa kukidharau kile alichokuwa akikitaka. Ukianza kunyamazisha status zake, au ukijisikia unasema «kazi yenyewe ya serikali nani anaitaka», ujue umeanza kutoka kwa mlango huo. Mzigo wako mpe mtu mwingine asiye na habari njema wiki hii: dada yako, shangazi, mama mdogo. Na siku ya tatu au ya nne, hongera za wengine zikishaisha, mwandikie tena shosti mstari mmoja: «Vyeti vimekamilika? Basi la lini?»