Simu ilale jikoni, si sebuleni

Wengi wanaokuja kwangu kwa kukosa usingizi wameshasikia kwamba mwanga wa simu unafukuza usingizi. Wameshaufifisha, wengine wamewasha ule wa rangi ya machungwa, na bado wanakesha. Mwanga una sehemu yake, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Katika jaribio moja la Boston lililochapishwa mwaka 2015, watu 12 walisoma kwa saa 4 kabla ya kulala, siku kadhaa kwenye kioo kilichowashwa mwanga wote na siku nyingine kwenye kitabu cha karatasi. Siku za kioo, melatonini, yaani homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilichelewa kwa takriban saa 1 na nusu. Lakini muda wa kupata usingizi uliongezeka kwa dakika 10 tu hivi. Mtu anayekaa macho saa 2 nzima katikati ya usiku, dakika 10 hizo hazielezi shida yake.

Ninachokiona mimi kwenye kazi hii ni mkono. Mkono unaonyooshwa saa tisa usiku kuangalia ni saa ngapi.

Kuamka usiku si ugonjwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kati ya mzunguko na mzunguko mtu huzinduka kidogo, akageuka, akavuta shuka, akalala tena. Asubuhi hakumbuki. Usingizi mzito kabisa huja mwanzoni mwa usiku. Ikifika saa tisa, mwili umeshalipa sehemu kubwa ya deni lake la usingizi, na unaobaki ni mwepesi. Kitu kidogo kinatosha kuukata, na simu haina kitu kidogo. Unaishika ili uone saa, unakutana na ujumbe wa kundi la wazazi, picha ya msiba, deni uliloahidi kulipa mwisho wa mwezi. Hata kama hukufungua chochote, saa yenyewe imeshakupa hesabu: zimebaki saa 2 na nusu, nisipolala sasa hivi kesho nitakuwaje? Akili ikianza kupiga hesabu, usingizi umeondoka.

Nitaeleza kisa cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nikibadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa anapanda kitandani saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilimpa daftari na penseli aandike kila asubuhi, kwa kukadiria tu, alichukua muda gani kupata usingizi na alikaa macho kiasi gani usiku. Wiki ya kwanza sikumbadilishia kitu. Alichukua kama dakika 30 kulala, kisha siku 6 kati ya 7 akaamka karibu na saa tisa na kukaa macho dakika 100 kwa wastani. Alikuwa kitandani saa 7 na nusu, amelala saa 5 na dakika 20. Simu ilikuwa chini ya mto, ndani ya chandarua, ikichajiwa kwa waya mrefu. Hilo la kuchaji chini ya mto nilimkataza siku hiyohiyo aliponirudishia daftari, maana betri inayochajiwa hupata joto na mto unalizuia kutoka.

Tukakubaliana simu ichajiwe sebuleni, na anunue saa ya mezani yenye kengele. Aliporudi baada ya wiki, dakika za kukaa macho zilikuwa zimeongezeka.

"Dokta, nimefanya kila ulichosema," akaniambia. "Nikiona usingizi umegoma nanyanyuka, naenda kukaa sebuleni."

Kosa lilikuwa langu. Katika tiba ya kukosa usingizi tuna kanuni iliyowekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972: ukiona umekaa macho kitandani kama robo saa hivi, inuka, nenda chumba kingine, ukae kwa utulivu hadi macho yawe mazito, ndipo urudi. Lengo ni kitanda kisizoeane na kukesha. Nilikuwa nimempa mwalimu kanuni mbili zinazogongana. Namwambia asipolala aende sebuleni, na sebuleni nimemwekea simu. Alikuwa anaketi kwenye kochi, simu iko pembeni yake kwenye soketi, na saa nzima inapita.

Tangu hapo nauliza kwanza, ukikosa usingizi unakwenda kukaa wapi? Ukishanijibu, simu tunaipeleka kwingine. Kwa mwalimu ilihamia jikoni, juu ya kabati la vyombo, kioo kikiwa kimelazwa chini. Huichomeka saa tatu na nusu usiku, kabla ya kupiga mswaki. Ikichajiwa mapema kidogo, mazungumzo nayo hukatika yenyewe kabla ya kulala, na hilo lilimpunguzia dakika kadhaa za mwanzo wa usiku. Sebuleni tuliacha kiti, khanga ya kujifunika na taa ndogo yenye mwanga hafifu.

Saa ya mezani nayo ina mambo yake, na watu wengi huiacha baada ya siku tatu kwa sababu ya vitu vinavyorekebishika. Hizi saa za mishale zinazotumia betri moja ndogo zina mzunguko wa saa 12, hazijui alfajiri na jioni. Mwalimu aliinua swichi ya kengele mchana akifanya usafi, na saa kumi na moja na nusu ya jioni ikalia nyumba nzima. Akadhani imeharibika. Swichi huinuliwa usiku unapokwenda kulala, basi. Mshale wa kengele uzungushe kwa kufuata alama iliyochorwa kwenye kitufe nyuma. Ukiulazimisha kurudi nyuma unaweza kuharibu kengele. Tena mshale huo si wa dakika kamili, unaweza kupishana dakika 5 au zaidi na wakati uliotaka. Weka, kisha kaa nayo mchana mmoja uone inalia lini hasa, ndipo uirekebishe. Anayehitaji dakika kamili anunue ya tarakimu, ila achague ambayo kioo chake hakiwaki usiku kucha.

Dukani, ipeleke sikioni. Zipo zinazopiga tiki kila sekunde, na tiki hiyo saa tisa usiku inakuwa nyundo. Zipo ambazo mshale wa sekunde unateleza bila kukwama, na hizo ndizo za chumbani. Ukifika nyumbani, iweke mbali na mkono, hatua tatu nne kutoka kitandani, uso wake ukitazama ukuta. Ukiitazamisha kitandani utarudi kwenye hesabu ileile ya saa zilizobaki. Kazi yake usiku ni moja tu, kulia alfajiri. Wakati wote mwingine hupaswi kujua ni saa ngapi, na ile robo saa ya Bootzin unaikadiria kwa hisia.

Hofu ya kuchelewa nayo hukesha na mtu. Kwa hiyo wiki ya kwanza namwachia mgonjwa alamu ya simu, ikilia dakika 10 baada ya ile ya saa, sauti juu kabisa, huko huko jikoni. Saa ikikosea, simu itamwokoa, na ataitembelea akiwa tayari amesimama. Wiki ya pili akishaiamini saa, anaizima alamu ya simu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: je, mama akiugua usiku kijijini? Ni swali la haki, wala simwambii mtu azime simu. Kwenye simu nyingi za Android fungua `Do Not Disturb`, ruhusu simu za watu uliowachagua tu, kisha washa `Repeat callers`. Hapo ujumbe na makundi yatanyamaza, watu wako watano sita watapita, na mtu mwingine yeyote akipiga mara mbili ndani ya dakika 15 naye atasikika. Mlio uwe juu kabisa na mlango wa chumba uachwe wazi kidogo. Jaribuni kabla ya kuutegemea: ndugu apige ukiwa umejilaza, uone kama unasikia. Waambie na wa nyumbani kwamba jambo la haraka usiku hupigiwa simu, haliandikwi. Tochi ya simu pia watu huitaja, kwa sababu ya umeme kukatika. Tochi ndogo pembeni ya kitanda inamaliza hilo.

Aliyepanga chumba kimoja hana jikoni la kukimbilia. Hapo chandarua kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Simu ikae juu ya kabati au karibu na mlango, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kuifikia kunahitaji uchomoe chandarua, uingize mbu, usimame, uchomeke tena. Usumbufu huo wa nusu dakika unatosha kwa wengi, kwa sababu mkono wa saa tisa usiku haujaamua kitu, unafuata kilicho karibu.

Siku tatu nne za mwanzo huwa mbaya. Mwalimu alilalamika kwamba mkono ulikuwa unapapasa chini ya mto wenyewe. Wiki ya nne daftari lilionyesha bado anaamka usiku, siku 5 kati ya 7, ila anakaa macho dakika 25 kwa wastani, na mwanzo wa usiku analala ndani ya dakika 20. Hizo ni saa 6 na dakika 45 za usingizi, kitanda kilekile, saa zilezile.

Wapo ambao hali zao hazibadiliki kwa hatua hii, na daftari huonyesha. Ikiwa wiki tatu zimepita, simu kweli iko jikoni, na dakika za kukaa macho ni zilezile, natafuta kitu kingine. Namuuliza mwenzake wa kitandani kama anakoroma kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo. Namuuliza yeye mwenyewe anaenda msalani mara ngapi usiku, na kama anakunywa maji kupita kawaida, ili nimpeleke akapimwe sukari. Anayeamka saa kumi kila siku akiwa na huzuni nzito isiyomwachia kwa wiki mbili au zaidi, huyo namtibu huzuni kwanza. Na mama anayenyonyesha, au muuguzi aliye zamu ya kuitwa usiku, simwondolei simu. Namwomba tu aipindue kifudifudi na saa aitafute ukutani sebuleni, siyo kwenye kioo.