Mkopo wa dola, mauzo ya shilingi: hatari ya bei ya dola inapokuangukia

Ukikopa shilingi na wateja wako wakakulipa shilingi, unajua tangu siku ya kusaini utarejesha kiasi gani. Ukikopa dola huku wateja wakikulipa shilingi, unajua idadi ya dola tu. Ni shilingi ngapi zitakazotoka mfukoni, hilo utalijua siku ya rejesho ukishaona dola inauzwaje. Pengo hilo, kati ya fedha unayodaiwa na fedha unayoingiza, ndilo linaloitwa hatari ya kubadilika kwa thamani ya fedha. Haitokani na biashara kwenda vibaya. Unaweza kuuza vizuri mwaka mzima na bado ikakukuta.

Tuchukue mwenye kiwanda cha kupasua na kuchakata mbao pale Mafinga. Magogo anayapata Sao Hill na kwenye mashamba ya watu binafsi. Mbao zake zinaishia Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya, na wanunuzi wote wanamlipa shilingi. Anataka mashine mpya kutoka China, bei yake dola 60,000. Benki inampa njia mbili. Anaweza kukopa shilingi kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, au kukopa dola kwa asilimia 9. Yote ni ya miaka mitatu, marejesho sawa kila mwezi, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Hizi ni namba za mfano, lakini pengo la namna hiyo kati ya riba ya shilingi na ya dola si geni kwa yeyote aliyewahi kukaa mbele ya afisa mikopo. "Mzee, hii ya dola ni tisa tu," ataambiwa, na kweli ni tisa.

Tuseme ni mwanzoni mwa mwaka 2023 na dola iko 2,320. Mkopo wa dola unadai rejesho la dola 1,908 kwa mwezi, yaani kama shilingi 4,427,000. Mkopo wa shilingi wa thamani ileile, milioni 139.2, unadai kama shilingi 4,894,000. Dola inampunguzia karibu laki nne na elfu sabini kila mwezi. Wengi wakifika hapa wanasaini.

Hesabu iliyobaki ni fupi sana na ndiyo isiyofanywa. Gawanya rejesho la shilingi kwa rejesho la dola: 4,894,000 ÷ 1,908. Jibu ni 2,565 hivi. Hiyo ndiyo bei ya dola ambayo mikopo hiyo miwili inakuwa sawa. Mwezi ambao dola iko chini ya hapo, aliyekopa dola analipa kidogo kuliko mwenzake wa shilingi. Mwezi ambao iko juu, anamzidi. Na kwa miaka yote mitatu, kama wastani wa bei ya dola utabaki chini ya 2,565, mkopo wa dola utakuwa umemgharimu shilingi chache zaidi kwa jumla.

Sasa tuangalie dola ilikwenda wapi. Kwa miaka kadhaa hadi 2022 ilikaa karibu na 2,300, na utulivu ule uliwafanya watu waizoee bei hiyo kama nauli ya daladala. Mwaka 2023 dola zikaadimika nchini, na kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa karibu 2,500. Oktoba 2024 ilipita 2,700. Desemba hiyohiyo ikashuka hadi karibu 2,400, na ilipofika Mei 2025 ilikuwa imerudi karibu 2,700. Kwa hiyo mwenye kiwanda wetu alikuwa na miezi ya unafuu na miezi ya maumivu, na kwa jumla hakuwa mbali sana na yule aliyekopa shilingi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kuna wanaohubiri kwamba mkopo wa dola ni mtego siku zote. Si kweli. Pengo la riba lipo kwa sababu soko linategemea shilingi ipungue thamani polepole, na kuna vipindi ambavyo makadirio hayo hayakosei sana.

Kinachoua ni mwezi mmoja mmoja, si wastani. Tuseme baada ya kulipa magogo, umeme, dizeli, vibarua na kodi, kiwanda kinabakiza shilingi milioni 6.5 kwa mwezi kabla ya rejesho. Dola ikiwa 2,320, baada ya rejesho anabaki na kama milioni 2.07. Dola ikiwa 2,700, rejesho lilelile la dola 1,908 linakuwa shilingi 5,152,000, naye anabaki na milioni 1.35. Dola imepanda asilimia 16, lakini kinachobaki mkononi mwake kimepungua asilimia 35. Hapo bado hajaharibikiwa na msumeno wala kucheleweshewa malipo na mnunuzi wa Dar.

Tena dola haipandi peke yake. Dizeli inaagizwa kutoka nje, na bei kikomo anazotangaza EWURA kila mwezi hubeba pia mabadiliko ya bei ya dola. Vipuri na meno ya misumeno ni hivyohivyo. Bei ya mbao je? Hiyo inaamuliwa na fundi anayeezeka nyumba Chanika, ambaye mshahara wa mteja wake haukuongezeka kwa sababu shilingi imeshuka. Gharama zinapanda pamoja na deni, mauzo yanabaki palepale. Ahueni kidogo anayo yule anayetengeneza bidhaa inayoshindana na ya kutoka nje, kama mbao za tabaka, maana ya nje ikipanda bei, ya kwake nayo inapata nafasi ya kusogea.

Salio la mkopo ni jambo jingine ambalo halionekani mpaka mtu alitazame kwa shilingi. Baada ya marejesho 12, mwenye kiwanda anabakiwa na deni la dola 41,764. Kwa bei ya mwanzo ingekuwa karibu shilingi milioni 96.9. Kwa dola ya 2,700 ni karibu milioni 112.8. Amelipa mwaka mzima bila kukosa mwezi, na karibu milioni 16 za jasho lake zimemezwa na bei ya dola. Dhamana aliyoweka, nyumba pale mjini na shamba la misonobari, ilithaminiwa kwa shilingi. Deni likipanda kwa shilingi na dhamana ikabaki pale ilipokuwa, benki ina haki ya kumwita na kumuomba aongeze dhamana, na mikataba mingi ina kipengele hicho kwenye kurasa za nyuma.

Halafu kuna suala la kuipata hiyo dola. Bei ya wastani inayotangazwa na Benki Kuu siyo unayolipa wewe. Mkopaji ananunua dola kwa bei ya kuuza ya benki yake, ambayo iko juu. Tofauti ya shilingi 30 tu kwa dola ni shilingi 57,000 na ushee kwa kila rejesho. Wakati wa uhaba wa 2023 shida ilikuwa kubwa kuliko bei. Mtu anaweza kuwa na shilingi zake kwenye akaunti, tarehe ya rejesho imefika, na dola hazipo za kutosha kumuuzia. Kwa aliyekopa benki hiyohiyo hilo huzungumzika. Kwa aliyekopeshwa mashine na msambazaji wa nje, anayesubiri fedha yake kule China, kuchelewa ni kuchelewa, na adhabu inahesabiwa kwa dola pia.

Je, nani anafaa kukopa dola huku kwetu? Anayelipwa dola. Kiwanda cha chai cha Mufindi kinachouza chai yake nje kinapokea dola. Msafirishaji anayevuka Tunduma kupeleka mzigo Lubumbashi kwa nauli ya dola naye anapokea dola. Kwao shilingi ikishuka, mapato yanapanda kwa shilingi sambamba na deni. Lakini hapa watu hujidanganya kirahisi. Mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe anajiona yuko kwenye biashara ya dola kwa sababu matunda yake yanakwenda Ulaya. Anayelipwa fedha za kigeni ni mwenye kiwanda cha kufungasha. Mkulima analipwa shilingi kwa kilo, kwa bei ya siku ile shambani, na dola ikipanda hakuna anayelazimika kumwongezea. Vivyo hivyo mwenye malori matano ambaye mawili tu ndiyo yanavuka mpaka na matatu yanabeba mchele wa Mbarali kwenda Dar: huyo ana dola za malori mawili. Rejesho lake la dola lisizidi dola ambazo malori hayo mawili yanabakiza baada ya gharama zao za njiani, na sehemu iliyobaki ya mkopo aichukue kwa shilingi. Benki nyingi hukubali kuugawa mkopo hivyo ukiomba mapema, ila zenyewe hazitakupendekezea.

Kuhusu mikataba ya hapa ndani, angalia pia maneno kama "kiasi cha shilingi kinacholingana na dola". Deni linaweza kulipwa kwa shilingi na bado likawa la dola kwa tabia yake. Tangu Machi 2025 kanuni zimepiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, lakini mikopo ya fedha za kigeni inayotolewa na mabenki imeachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo hatari ninayoieleza haijafutwa na kanuni.

Mabenki makubwa huuza kinga yake: mkataba wa kununua dola siku za mbele kwa bei mnayokubaliana leo. Kwa riba za mfano wetu, bei ya dola ya kukabidhiwa baada ya mwaka ingekuwa karibu na 2,320 mara 1.16 gawanya kwa 1.09, yaani 2,469, bila kuhesabu faida ya benki. Ya baada ya miaka mitatu ingekaribia 2,800. Ukiyafunika marejesho yote kwa kinga hiyo, ule unafuu wa asilimia 9 unayeyuka na unarudi kulipa kama mtu aliyekopa shilingi kwa 16, pengine na cha juu. Wafanyabiashara wengi wakioneshwa hesabu hiyo hukasirika na kuiona benki inawaibia. Haiwaibii. Unafuu ule ulikuwa ni malipo ya kubeba hatari, na anayeikabidhi hatari kwa mwingine hukabidhi na malipo yake.

Kwa asiye na kinga wala mapato ya dola, kipimo ninachokiamini ni mwaka 2015. Januari dola ilikuwa karibu 1,730, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imepita 2,100. Zaidi ya asilimia 20 ndani ya nusu mwaka. Kwa mwenye kiwanda wetu, asilimia 25 juu ya 2,320 ni dola ya 2,900, na rejesho la shilingi 5,533,000 kwa mwezi. Kwenye milioni 6.5 linapita, kwa kubana. Kama mwezi wa mvua, barabara za msituni zikiwa hazipitiki, kiwanda hubakiza milioni 4.5 tu, halipiti, na mkopo huo aukatae hata ukiwa wa asilimia 7.