Mkopo wa Kwanza wa Duka: Anza na Karatasi ya Oktoba

Kosa ninaloliona zaidi mezani kwangu kama afisa mikopo ni la wastani. Mwenye duka anajumlisha mauzo ya mwaka, anagawa kwa 12, kisha anaandika kila mwezi umeingiza kiasi kilekile. Kwa Newala, Masasi au Tandahimba karatasi hiyo haisemi kweli. Huku fedha hufuata korosho: minada huanza Oktoba, na kwa kuwa mazao huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima husubiri mnunuzi alipe ndipo fedha imfikie kupitia AMCOS. Duka nalo husubiri pamoja naye.

Chukulia mama mwenye duka la unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni Newala. Septemba imeisha, mkononi ana shilingi 700,000. Oktoba atauza bidhaa za 3,200,000, lakini 600,000 kati ya hizo ziko kwenye daftari la madeni: wateja watalipa "korosho zikitoka". Basi kwenye karatasi aandike 2,600,000 tu, maana deni halinunui mzigo.

Mwezi huohuo anataka kujaza duka kabla ya msimu, kwa 4,500,000. Pango, umeme, usafiri na ujira wa msaidizi ni 300,000. Chakula na mahitaji ya nyumbani ni 250,000. Hili la mwisho wengi hulificha, eti ni la familia, ilhali linatoka kwenye droo ileile. Jumla ya matumizi ni 5,050,000. Ukiweka 700,000 na 2,600,000 upande wa kuingia, pengo ni 1,750,000.

Pengo hilo ndilo mkopo wake. Aombe 2,000,000, abaki na 250,000 ya dharura. Akiomba 5,000,000 kwa sababu jirani alipewa, nitamuuliza zilizozidi zitakaa wapi, na sijawahi kupata jibu la kuniridhisha.

Sasa aendelee mwezi kwa mwezi mpaka marejesho yaishe. Tuseme atarejesha 370,000 kila mwezi kwa miezi 6, riba ikiwamo, kuanzia Novemba. Novemba, Desemba na Januari fedha zinaingia vizuri, na baada ya marejesho ya miezi hiyo mitatu droo inasoma kama 2,140,000. Hapo ndipo watu hununua bati. Lakini karatasi inaonyesha kuwa Februari, baada ya mzigo, gharama na nyumbani, zinabaki 150,000 tu. Machi na Aprili 100,000 kila mwezi. Marejesho ni yaleyale 370,000. Kwa hiyo 760,000 za kulipia miezi hiyo mitatu lazima zitoke kwenye fedha ya Januari, na ziwekwe kando mapema. Akiona hawezi kuzitunza, amwombe mkopeshaji rejesho kubwa wakati wa msimu na dogo baadaye. Wapo wanaokubali, ila lazima uliombe kabla ya kusaini mkataba.

Nambari hizo nitazipima. Ukiniambia unauza 3,200,000 kwa mwezi, nitatazama risiti za duka la jumla. Ikiwa kila shilingi 100 ya mauzo ina shilingi 80 za mzigo, risiti zinapaswa kukaribia 2,560,000. Kisha nitasoma taarifa ya benki na miamala ya simu ya miezi sita au zaidi. Kama wateja wengi hulipa taslimu, miamala itakuwa midogo kuliko mauzo, na hilo si kosa. Lete daftari la mauzo ya kila siku lijaze nafasi hiyo. Daftari lililoandikwa usiku mmoja hujulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, nambari zote zinaishia na sifuri tatu.

Kwenye hati, kinachokwamisha mara nyingi ni majina. Kitambulisho cha Taifa, TIN na leseni ya biashara ya halmashauri visome jina moja, herufi kwa herufi. Leseni ikiwa ya mume na mwombaji ni mke, rekebisheni kwanza. Tazama pia tarehe ya mwisho ya leseni. Mara nyingi utaombwa barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, mkataba wa pango na picha ndogo. Duka likiwa na jina lake la biashara, cheti cha BRELA. Dhamana ikiwa nyumba ya familia, mwenza wako atatakiwa kuridhia kwa maandishi, hivyo mweleze nyumbani kabla hujafika kwetu. Nimeshuhudia ugomvi ukianzia mbele ya meza yangu, kalamu ikiwa bado mkononi.