Kabla ya Kununua PS5 ya Zawadi, Jua Gemu Zake Zinakaa Wapi

Kazi yangu ni kutengeneza na kuandaa konsoli za gemu, na swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaotaka kumnunulia mtu zawadi ni konsoli ipi iliyo bora. Huwa silijibu kwanza. Humwomba mnunuzi aniambie mwenye kupewa zawadi anacheza kwa kutumia nini sasa, na gemu alizo nazo zinakaa wapi: kwenye diski au ndani ya akaunti. Gemu iliyonunuliwa kidijitali kwenye PlayStation haihamii kwenye Xbox wala Nintendo Switch, kwa hiyo kubadili kampuni ni kumwacha mtu aanze upya na rafu tupu.

Hata ukibaki kwenye kampuni ileile, bado unaweza kukosea. Kosa ninaloliona zaidi humpata mwenye PS4 anayenunuliwa PS5. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, jambo ambalo wanunuzi wengi wanalijua, ila hawatambui kwamba PS5 zinazoitwa Digital Edition hazina kisomaji cha diski, yaani ile sehemu inayomeza diski na kuisoma. Kijana mwenye diski kumi za PS4 akipewa konsoli hiyo, diski zake zote kumi zinabaki mapambo. Hawezi kuzigeuza kuwa gemu za kidijitali, kwa kuwa haki ya kuzicheza imo kwenye diski yenyewe. Hata pale mtengenezaji wa gemu anapomruhusu mwenye diski ya PS4 kupata toleo la PS5, diski lazima iwe ndani ya konsoli kila anapocheza.

Dada mmoja alinijia akitaka kumnunulia mpwa wake wa miaka 13 Digital Edition, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Nilimsihi asubiri siku moja, ampigie kaka yake, baba wa mtoto, amwombe picha nne, bila mtoto kujua.

Picha ya kwanza ilikuwa ya rafu. Kasha za diski za PS4 ni za buluu na zina jina la PS4 juu, hivyo hata asiyejua gemu anaweza kuzihesabu. Zilikuwa tisa.

Picha ya pili ilipigwa kwenye skrini ya PS4, ndani ya `Library`, sehemu ya `Purchased`. Huko zinaonekana gemu zilizo kwenye akaunti, na zilikuwa kumi na nne. Nilimwomba azitazame kwa makini, kwani sita kati yake zilikuwa na alama ndogo ya msalaba wa njano, ambayo ni alama ya PlayStation Plus. Hizo mtoto hakuzinunua. Anaruhusiwa kuzicheza kwa muda wote ambao usajili unalipiwa, na usajili ukikatika zinafungwa. Hesabu ya kweli ya mali yake ikawa diski tisa na gemu nane za kidijitali. Zaidi ya nusu ilikuwa kwenye diski, na hapo suala la Digital Edition likaisha.

Dada yule aliuliza kama angeweza kununua isiyo na kisomaji kisha akakiongeza baadaye. Hilo linategemea toleo. Digital Edition ya kwanza, ya mwaka 2020, haikubali kuongezewa kisomaji kwa namna yoyote. Lile toleo jembamba lililotoka mwaka 2023, pamoja na PS5 Pro ya mwaka 2024, yanakubali kisomaji kinachouzwa peke yake, lakini mara ya kwanza kinapofungwa konsoli lazima iwe na intaneti ili ikitambue. Nilimshauri ajumlishe bei ya vitu viwili hivyo kabla ya kusema amepata nafuu. Alipojumlisha, akachagua yenye kisomaji tangu mwanzo. Kwa upande wa Xbox hadhari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa Series S haina kisomaji na hakuna cha kuiongezea.

Picha ya tatu ndiyo iliyonipa wasiwasi. Ilitoka kwenye `Settings`, kisha `Account Management`, kisha `Account Information`, mahali panapoonyesha anwani ya barua pepe ya kuingilia. Anwani ilikuwa ya baba, na ilikuwa ya kazi aliyoiacha zamani. PS4 ilikuwa imeingia kwenye akaunti tangu siku ilipowashwa, hivyo hakuna aliyewahi kuulizwa nenosiri, na hakuna aliyelikumbuka. Konsoli mpya ingeliuliza, na barua ya kulibadilisha ingetumwa kwenye sanduku ambalo hakuna awezaye kulifungua, huku gemu nane na miaka ya kucheza vikiwa vimefungiwa humo. Kwa bahati njema baba aliweza kuwasiliana na huduma kwa wateja mapema, akathibitisha kuwa akaunti ni yake, na anwani ikabadilishwa kabla ya siku ya zawadi. Ninasisitiza hatua hii kuliko zote, kwa sababu kufungua akaunti mpya, ambako watu hukimbilia mambo yanapokwama, hakuzileti gemu za akaunti ya zamani.

Picha ya nne ilikuwa ya pedi: mbili za DualShock 4, zote nzima. Mtoto hucheza na mdogo wake. Kwenye kasha la PS5 huja pedi moja tu, DualSense, na wengi hudhani zile za zamani zitajaza pengo. Zitajaza nusu yake. DualShock 4 hufanya kazi kwenye PS5 pale tu inapochezwa gemu ya PS4. Ukifungua gemu ya PS5, inakataliwa. Kwa hiyo ndugu wawili wangeweza kuendelea na mpira wao wa PS4 kwa pedi za zamani, lakini kwa gemu yoyote ya PS5 mmoja angebaki mtazamaji. Dada akaongeza DualSense ya pili na kuacha gemu mpya aliyokusudia kuinunua, na kwa maoni yangu alifanya vyema, kwani gemu za kucheza walikuwa nazo tayari.

Jambo la mwisho liliibuka kwa bahati tu. Baba alikuwa amepanga kuiuza PS4 wiki moja kabla ili achangie gharama. Nilimwomba asifanye hivyo. Mahali mtoto alipofikia katika kila gemu panahifadhiwa ndani ya PS4, na asiye na usajili wa PlayStation Plus hawezi kupaweka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia zilizobaki ni kunakili kwa kifaa cha USB, au kuunganisha konsoli zote mbili kwenye mtandao mmoja wakati PS5 inaandaliwa na kuacha data ihame. Njia hii ya pili inataka PS4 iwepo, na ina mipaka: data ya gemu ya PS4 inasomwa na gemu hiyohiyo ya PS4 ikichezwa kwenye PS5, lakini toleo la PS5 la gemu ileile mara nyingine huhitaji hatua yake, inayofanywa ndani ya gemu yenyewe, na gemu nyingine haziruhusu kabisa.

Uhamishaji ulichukua jioni nzima. PS4 iliuzwa siku iliyofuata, baada ya mtoto kufungua gemu zake moja baada ya nyingine na kukuta yuko palepale alipoishia, na pedi zake mbili za zamani hazikuuzwa pamoja nayo.