Pima tofali jepesi kabla ya kulijenga

Mwaka jana nilifika kwenye jengo moja Mbezi, Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba alikuwa anaongeza ghorofa juu ya nyumba yake ya zamani. Alikuwa amenunua matofali mepesi yale meupe yenye hewa ndani, kwa sababu aliambiwa hayatazilemea nguzo za chini na yatapunguza joto la vyumba vya juu. Saidia fundi aliyekuwa akiyapandisha ngazi alinisimamisha akaniuliza: "Mzee, mbona haya mepesi yananichosha kuliko yale ya matundu?"

Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza kwenye gari. Tofali la zege la matundu mawili, lile la sentimita 40 kwa 20 kwa 20, lilisoma kilo 17. Lile jepesi lilisoma kilo 19. Kijana hakuwa mvivu.

Sababu ni mbili. Kwanza, tofali jepesi ni kubwa zaidi: sentimita 60 kwa 20 kwa 20, yaani moja linajaza nafasi ya moja na nusu ya yale ya matundu. Pili, lilikuwa limebeba maji. Tofali la aina ile, lenye uzito wa kilo 600 kwa kila mita moja ya ujazo likiwa kavu, linapaswa kuwa na kilo 14 na nusu hivi. Hizo kilo nne na nusu zilizozidi ni karibu lita nne na nusu za maji ndani ya kila tofali, na maji hayo ndiyo yanayoamua mengi ya yale mnunuzi aliyoahidiwa.

Tofali hili hutengenezwa kwa mchanga uliosagwa laini, saruji, chokaa, maji na unga kidogo sana wa alumini. Unga huo ukikutana na chokaa hutoa gesi, na mchanganyiko unaumuka kama unga wa mkate. Ukishashika kiasi, hukatwa kwa waya kuwa matofali, kisha huingizwa kwenye tanuri la mvuke lenye joto la takribani nyuzi 180 hadi 190 na shinikizo kubwa, kwa saa nyingi. Mbunifu majengo wa Sweden, Johan Axel Eriksson, ndiye aliyesajili njia hii mwaka 1924. Mvuke huo unalipatia tofali nguvu, lakini linapotoka tanurini linaweza kuwa na maji yanayofikia karibu theluthi ya uzito wake. Likipakiwa likiwa moto na kushushwa mtaani bila kufunikwa, tena likanyeshewa na mvua za masika, linafika kwa fundi kama lile la Mbezi.

Tuanze na uzito, ndio uliomfanya mwenye nyumba ayanunue. Chukua ukuta mmoja wa chumba cha juu, urefu mita 4 na kimo mita 3, usio na dirisha. Ni mita 12 za mraba. Kwa tofali la matundu unahitaji 150, ambayo ni kilo 2,550, na mota ya viungo inaongeza kilo mia mbili na zaidi. Kwa tofali jepesi unahitaji 100 tu. Yakiwa makavu ni kilo 1,450 hivi, na gundi ya viungo ni kilo arobaini au hamsini. Kwa hiyo nguzo na boriti zinapunguziwa zaidi ya tani moja kwa ukuta huo mmoja. Faida hii ni ya kweli na inabaki, kwa sababu maji yatakauka. Lakini mhandisi anayekupigia hesabu ya boriti asitumie uzito mkavu ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Atumie uzito wa tofali kama lilivyo siku ya kujengwa, maana boriti itaubeba huo kwanza.

Sasa joto. Wengi wanadhani tofali la matundu linazuia joto kwa sababu lina hewa ndani. Hewa ni kizuizi kizuri ikitulia, lakini tundu lile ni pana kiasi cha kuingia ngumi. Ndani yake hewa inazunguka, ikipanda upande wa moto na kushuka upande wa baridi, na joto jingine linaruka kutoka ubavu hadi ubavu. Isitoshe, kuta nyembamba za zege zinazotenganisha matundu ni daraja: joto linapita hapo moja kwa moja. Katika tofali jepesi vijitundu ni vidogo, milimita moja au mbili, na hewa haina pa kuzunguka.

Tuupime ukuta uleule wa mita 12. Uko upande wa magharibi, na saa kumi jioni jua limeupasha hadi lipu ya nje ina nyuzi 45. Ndani kiyoyozi kinashikilia nyuzi 25. Kwa tofali la matundu lenye lipu pande zote mbili, joto linaloingia ni takribani wati 650. Kwa tofali jepesi kavu lililojengwa vizuri ni takribani wati 185. Hii ndiyo tofauti ambayo muuzaji anaizungumzia, na hadanganyi.

Ila tazama inavyoweza kupotea. Joto hupita kwenye maji kwa urahisi zaidi kuliko kwenye hewa. Kila maji yanayofikia asilimia moja ya uzito mkavu wa tofali huongeza upitishaji wa joto kwa karibu asilimia 4. Tofali la Mbezi, lenye kilo 19, lilikuwa na maji yapata asilimia 31 ya uzito wake mkavu, na hapo uwezo wake wa kuzuia joto unakuwa chini ya nusu ya ule ulioandikwa. Ukilipiga lipu ngumu ya saruji nje na ndani likiwa hivyo, umelifungia maji yake, na yatatoka polepole kwa miezi mingi.

Viungo navyo vinakula. Tofali hili limekatwa sawasawa ili liunganishwe kwa gundi maalumu yenye unene wa milimita 2 au 3, inayopakwa kwa mwiko wenye meno. Fundi aliyezoea tofali la matundu hukoroga mota yake ya kawaida na kuweka kiungo cha milimita 15, kwa sababu kiungo kinene kinamsaidia kusawazisha. Viungo vya namna hiyo vinachukua karibu sehemu moja katika kumi na moja ya uso wa ukuta. Kwa macho ni kidogo, lakini mota inapitisha joto mara sita ya tofali lenyewe, hivyo sehemu hiyo ndogo inaondoa karibu theluthi ya kizuizi ambacho tofali peke yake lingekupa. Gundi nyembamba inaondoa kama sehemu moja ya kumi. Sharti lake ni mstari wa kwanza: huo uwekwe juu ya mota ya kawaida na upimwe kwa pima maji tofali kwa tofali, kwani milimita 3 haziwezi kuficha kosa.

Mwenye nyumba aliniuliza angeokoa kiasi gani cha umeme. Nilimpigia hesabu ya ukuta ule. Wati 465 za joto zilizozuiwa, kwa kiyoyozi cha kawaida, ni kama wati 155 za umeme. Jua la magharibi likiupiga kwa muda wa saa tano, unapata robo tatu ya uniti ya Luku kwa siku. Kwa chumba chenye kuta mbili za nje na kiyoyozi cha kila siku, zinajumlika. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, chenye madirisha wazi na upepo wa bahari, hewa ya ndani ni ileile ya nje, na ukuta hauna cha kulinda isipokuwa kupunguza ule ubavu wa moto unaouhisi ukilala karibu nao usiku. Na kama juu ya chumba kuna bati na dari tupu isiyo na kitu cha kuzuia joto, mimi ningepeleka fedha darini kwanza. Jua linaipiga paa mchana kutwa.

Kuhusu kubeba, kila tofali lina tabia yake. La matundu unaingiza vidole kwenye tundu na kulinyanyua hata kwa mkono mmoja, na likigonga ngazi halijali sana. Lakini ukitaka nusu yake unaligonga kwa nyundo na kuomba livunjike vizuri. Jepesi linataka mikono miwili, halina pa kushika, na kona zake humeguka likitupwa. Ile desturi ya kurushiana tofali kutoka chini hadi juu haifai hapa. Linakatwa kwa msumeno wa mkono wenye meno magumu, kwa dakika chache, na mifereji ya mabomba ya umeme inachimbwa kwa chombo cha kukwangua bila kutikisa ukuta. Mafundi wawili waliolizoea huenda haraka sana, mradi tofali liwe kavu.

Pale Mbezi tulisimamisha ujenzi wa kuta. Matofali yaliinuliwa kutoka ardhini yakapangwa juu ya mbao, yakiachiana nafasi ya vidole viwili, na turubai likafunika juu tu, ubavuni upepo upite. Tulichagua sita, tukayaandika namba kwa mkaa, na saidia fundi akakabidhiwa mizani kuyapima kila Jumamosi. Baada ya wiki tano mengi yalisoma kati ya kilo 15 na 16. Kuta zikajengwa, zikaachwa wazi wiki kadhaa, kisha lipu ikapigwa kwa mchanganyiko laini wa saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, baada ya kufagia vumbi na kurashia ukuta maji kidogo ili usinyonye maji ya lipu. Kwenye maungio ya tofali na nguzo uliwekwa wavu, maana hapo ndipo nyufa huanzia.

Jambo moja mnunuzi alitazame kabla ya kulipa. Yapo matofali mengine mepesi ya zege la povu, yaliyokaushwa hewani bila tanuri la mvuke. Kwa kawaida huwa ya kijivu kama saruji, na nyuso zake zimetoka kwenye kalibu, hazina alama za kukatwa kwa waya. Hayo husinyaa zaidi sana yanapokauka. Ukuta wa mita 4 wa tofali la tanuri hupungua kama milimita moja au moja na nusu, ilhali wa povu unaweza kupungua milimita 4 na kuzidi, na ufa unauona.

Msingi na mistari ya chini iliyo karibu na udongo tuliacha kwa zege, kwani tofali jepesi hunyonya unyevu. Pembeni mwa bafu la juu, mahali pa kufunga hita ya maji ya lita 50, tulijenga kwa tofali la matundu, tukashusha nondo ndani ya matundu na kuyajaza zege. Hita ikijaa inapita kilo 60, na parafujo za kawaida zingechomoka kwenye tofali jepesi.