Bango la vipande: kwa nini ukurasa wa A4 ukikuzwa mara mbili hautoshi kwenye karatasi 4

Bango la vipande ni ukurasa mmoja wa PDF uliokuzwa, ukakatwa na kompyuta katika sehemu, kila sehemu ikachapwa kwenye karatasi yake, kisha zikaunganishwa kwa mkono. Mwalimu wa darasa la awali Mbagala mwenye chati ya silabi ya A4 anaweza kupata chati ya ukutani kwa printa ileile ndogo ya steshenari ya mtaani.

Kwenye Adobe Acrobat Reader, fungua dirisha la kuchapa uchague `Poster`. Hapo wengi huandika 200 kwenye `Tile Scale`, wakitegemea karatasi 4, halafu zinatoka 9. Sababu ni kwamba printa nyingi hazichapi hadi ukingoni. Tuseme yako inaacha milimita 5 kila upande. Karatasi yenye upana wa milimita 210 inabaki na 200 za kuchapa. Mbili zikikaa sambamba zinatoa 400, nawe unahitaji 10 za kupandiana, yaani sehemu inayojirudia kwenye karatasi zote mbili ili ziungane. Zinabaki 390, wakati ukurasa uliokuzwa mara mbili unataka 420. Gawanya 390 kwa 210 upate kama 1.86. Kwa hiyo andika 185, weka milimita 10 kwenye `Overlap`, washa `Cut marks`, kisha tazama picha ya awali kwenye dirisha hilohilo la kuchapa. Ikionyesha karatasi zaidi ya 4, punguza asilimia kidogokidogo mpaka zibaki 4.

Kabla ya kukata chochote, pima kwa rula ile sehemu inayojirudia. Ikiwa fupi kuliko milimita 10, printa yenyewe imepunguza ukubwa tena. Zima mpangilio huo uchape upya.

Kosa kubwa katika kuunganisha ni kukata kingo zote. Kata upande mmoja tu wa kila kiungo. Karatasi ya kulia ikatwe ukingo wake mweupe wa kushoto, kwa kisu na rula ya chuma, kufuata alama za kukatia. Ile ya kushoto iache nzima: ukingo wake mweupe pamoja na ukanda unaojirudia vinakuwa milimita 15 za kupaka gundi. Telezesha ya kulia juu yake mpaka mistari ikutane. Ukiona herufi mara mbili, bado hujaisogeza vya kutosha. Mistari ikikutana juu na kuachana chini, umekata mshazari.

Unganisha kwanza safu ya juu, kisha ya chini, ndipo safu mbili zikutane. Gundi ya maji huikunja karatasi, na joto la Dar likiwa na unyevu hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo mimi hutumia gundi ya kijiti na selotepu kwa nyuma. Feni nayo izimwe kwanza.

Maandishi ya kawaida ya PDF yatabaki makali. Picha iliyoskaniwa ndiyo itakayoonyesha ukungu ukiisogelea.